Jiwe linaloangukia ziwani: mwongozo kamili wa swali la projektaili linalotua chini ya lilikorushwa

Nimesahihisha madaftari mengi ya kidato cha tano hapa Kigoma, na kuna swali moja la projektaili linalowaangusha hata vijana wanaofanya vizuri kwenye maswali mengine ya mada hiyohiyo. Mpira unaopigwa uwanjani na kutua uwanjani wanauweza. Wapandishe juu ya mwamba, waambie jiwe linaangukia ziwani, na wengi wanaandika kwamba limefika mita 17.3.

Jibu hilo si la kubahatisha. Mita 17.3 ni umbali wa kweli kabisa, na jiwe hupita hapo, ila hupita likiwa hewani, mita 12 juu ya maji. Mwongozo huu unalifuata jiwe hilo tangu linapotoka mkononi mpaka linapogusa maji, ili uone makosa yanaingilia wapi na utayagunduaje kabla ya msahihishaji.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Karatasi isiyo na mistari au ya grafu, upana wake usipungue sentimita 18.
- Penseli iliyochongwa, rula na protrakta.
- Kikokotoo cha sayansi.
- Kalamu ya rangi nyingine, kwa ajili ya mishale peke yake.

Kabla ya kitu chochote, bonyeza `sin 30` kwenye kikokotoo. Kikileta 0.5, kiko kwenye digrii na unaweza kuendelea. Kikileta −0.988, kiko kwenye radiani. Kikileta 0.454, kiko kwenye gradi. Fanya hivi kila unapokishika, hasa kama umeazimana na mwenzako, kwa sababu kikokotoo kilicho kwenye radiani hakitakuonya. Kitakupa namba safi zenye desimali nne, na zote zitakuwa za uongo.

## Swali lenyewe

Kijana amesimama juu ya mwamba kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Uso wa mwamba uko mita 10.4 juu ya maji. Anarusha jiwe kuelekea ziwani kwa kasi ya 14 m/s, kwa pembe ya 30° juu ya mlalo. Jiwe linamtoka mkononi likiwa mita 1.6 juu ya mwamba. Chukua g = 9.8 m/s² na usihesabu upinzani wa hewa. Tafuta:

(a) kimo cha juu kabisa ambacho jiwe linafikia juu ya maji;
(b) muda linaochukua hewani mpaka kugusa maji;
(c) umbali wa mlalo kutoka kwa kijana mpaka linapoangukia;
(d) kasi yake na mwelekeo wake linapogusa maji.

## Hatua ya 1: Chagua sifuri yako na uiandike

Weka pointi O mahali jiwe linapotoka mkononi. Usiiweke kwenye mwamba wala kwenye maji. Kutoka O, x inaongezeka kuelekea ziwani na y inaongezeka kwenda juu. Andika maneno haya kwenye karatasi yako ya majibu: "O ni mkononi, juu ni chanya."

Sababu ni kwamba milinganyo ya mwendo haijui mwamba wala maji. Inachojua ni pale ulipoanzia kupima na upande uliouita chanya. Usipoamua mapema, utaamua katikati ya kazi bila kujua, na mara nyingi utaamua mara mbili kwa njia mbili zinazopingana.

Sasa andika mahali maji yalipo. Kutoka mkononi hadi kwenye maji ni 10.4 m + 1.6 m = 12.0 m, na maji yako chini ya O. Kwa hiyo jiwe linapoanguka majini:

```
y = −12.0 m
```

Angalia sana alama hiyo ya kutoa. Mita 12 ni kina cha kushuka, na kina hakina hasi. Lakini y ni nafasi, na nafasi iliyo chini ya sifuri yako ni hasi. Nusu ya matatizo ya swali hili yanaanzia hapa.

Utajua hatua hii imekamilika pale ambapo mtu mwingine, bila kusoma swali, anaweza kutazama karatasi yako akakuonesha kwa kidole O iko wapi na maji yana y ngapi.

## Hatua ya 2: Chora mchoro wenye majina

Wengi wanachora mwishoni, kama mapambo ya kuvutia maksi. Uchore sasa, kwa sababu ndio utakaokukamata ukikosea alama. Hatujui bado jiwe linaangukia wapi, kwa hiyo anza na mkunjo wa makadirio, halafu ukimaliza hesabu urudi uuweke kwenye skeli. Ninaeleza hapa mchoro uliokamilika ili ujue unaelekea wapi.

Skeli ni sentimita 1 kwa mita 2. Upande wa kushoto wa karatasi chora mwamba kama ukuta uliosimama wima, juu yake pakiwa bapa. Chini yake chora mstari mrefu wa mlalo uende kulia, uandike "usawa wa maji, y = −12.0 m". Pima sentimita 6 kwenda juu kutoka mstari huo, weka kitone, kiite O. Kutoka O chora mstari wa nukta wa mlalo ukatize karatasi nzima. Huo ni "usawa wa mkono, y = 0", na ni mstari muhimu kuliko yote kwenye mchoro huu.

Mkunjo wa njia ya jiwe unapita kwenye pointi hizi, zote zikipimwa kutoka O:

| Muda (s) | x (m) | y (m) | Pointi |
|---|---|---|---|
| 0 | 0 | 0 | O, mkononi |
| 0.71 | 8.7 | 2.5 | A, kileleni |
| 1.00 | 12.1 | 2.1 | |
| 1.43 | 17.3 | 0 | B, usawa wa mkono tena |
| 2.00 | 24.2 | −5.6 | |
| 2.43 | 29.5 | −12.0 | C, kwenye maji |

Ziunganishe kwa mkono mmoja bila kukata kona. Ukitazama vizuri utaona kilele A hakiko katikati ya O na C. Kiko kwenye mita 8.7 kati ya 29.5, hata theluthi haijafika. Kiko katikati ya O na B. Mwanafunzi anayechora upinde wenye pande mbili sawa kutoka mwamba hadi majini ameshajidanganya kabla ya kuandika mlinganyo wowote.

Baada ya hapo weka mishale kwa kalamu ya rangi, kwa skeli yake yenyewe: sentimita 1 kwa 4 m/s. Kwenye O chora mshale wa u wenye sentimita 3.5, ukiinuka 30° kutoka mstari wa nukta, na pembe uiandike θ = 30°. Kutoka O hiyohiyo chora uₓ kwenda kulia, sentimita 3.0, na u_y kwenda juu, sentimita 1.75. Kwenye A chora mshale mmoja tu, wa mlalo, sentimita 3.0. Kwenye C chora vₓ sentimita 3.0 kwenda kulia, v_y sentimita 4.2 kwenda chini, na v inayotokana na hiyo miwili, sentimita 5.2, ikigusa mkunjo bila kuukata. Pembe kati ya v na usawa wa maji iite φ.

Mshale wa g uchore pembeni, mbali na mkunjo, ukielekea chini wima. Usiulaze kufuata njia ya jiwe. Wala usichore mshale wa "nguvu ya kurusha" juu ya jiwe lililo hewani. Mkono umeshaliachia, na kinacholivuta tangu hapo ni uzito wake peke yake.

Mchoro umefaulu ikiwa mishale yote mitatu ya mlalo, kwenye O, A na C, ina urefu uleule. Pima kwa rula.

## Hatua ya 3: Gawa kasi ya kuanzia sehemu mbili

Mshale wa u umelala kwa mshazari. Tunaugawa kwa sababu uzito wa jiwe unavuta wima tu. Upande wa mlalo hakuna kinacholisukuma wala kulizuia, kwa hiyo mwendo wa mlalo na wa wima tunaweza kuushughulikia kila mmoja peke yake.

```
uₓ = u cos θ = 14 × cos 30° = 12.12 m/s
u_y = u sin θ = 14 × sin 30° = 7.00 m/s
```

Kati ya makosa ya hapa, linalorudiwa zaidi ni kubadilishana sin na cos. Usikariri tu kwamba "cos ni ya mlalo", maana siku swali litakapokupa pembe kutoka wima utapotea. Tazama mchoro: upande unaogusana na pembe ndio wa cos. Kisha jiulize kama namba zinafanana na picha. Pembe ya 30° ni ndogo kuliko 45°, jiwe limelala zaidi kuliko lilivyosimama, basi uₓ lazima iwe kubwa kuliko u_y. 12.12 ni kubwa kuliko 7.00. Sawa.

Usikate 12.12 ikawa 12. Beba angalau tarakimu nne njiani, halafu jibu la mwisho uliandike kwa tarakimu tatu.

## Hatua ya 4: Kilele, jibu la (a)

Kileleni jiwe halipandi tena na bado halijaanza kushuka, kwa hiyo sehemu ya wima ya velositi ni sifuri. Sehemu ya mlalo ipo palepale, 12.12 m/s. Jiwe halisimami kileleni, na ukiandika "v = 0" bila kusema ni ya wima, umeandika jambo lisilo kweli.

```
v_y² = u_y² − 2gy
0 = 7.00² − 2 × 9.8 × y
y = 49.0 / 19.6 = 2.50 m
```

Vizio: (m/s)² ikigawanywa kwa m/s² inabaki m. Ni kimo, ndicho tulichotaka.

Lakini 2.50 m ni kutoka O, yaani juu ya mkono. Swali limeuliza juu ya maji. Jumlisha 12.0 m:

(a) Kimo cha juu kabisa ni 14.5 m juu ya maji.

Shika 2.50 m kichwani. Itatusaidia sasa hivi.

## Hatua ya 5: Muda hewani, jibu la (b)

Hapa ndipo penye mtego, kwa hiyo twende polepole.

Mlinganyo wa nafasi ya wima ni huu:

```
y = u_y t − ½ g t²
```

Alama ya kutoa mbele ya g ipo kwa sababu tulisema juu ni chanya, na g inavuta chini. Jiwe likiwa linapanda, likiwa kileleni, likiwa linashuka, alama hiyo haibadiliki. Kuna wanaoigeuza jiwe linapoanza kushuka. Haina haja, mlinganyo huu mmoja unaendesha safari yote kutoka O mpaka C.

Weka y = −12.0:

```
−12.0 = 7.00 t − 4.9 t²
4.9 t² − 7.00 t − 12.0 = 0
```

Kila kipande cha mlinganyo huu ni mita: 4.9 m/s² mara s² ni mita, 7.00 m/s mara s ni mita, na 12.0 ni mita. Kama kipande kimoja kingekuwa na kizio kingine, tungesimama hapa hapa.

Ni mlinganyo wa kwadratiki. Tumia kanuni ya jumla:

```
t = [7.00 ± √(7.00² + 4 × 4.9 × 12.0)] / (2 × 4.9)
t = [7.00 ± √284.2] / 9.8
t = [7.00 ± 16.858] / 9.8
t = 2.4345 s   au   t = −1.006 s
```

Jiwe lilitoka mkononi saa t = 0, kwa hiyo muda hasi ni kabla ya kurushwa. Tunachukua ule chanya.

(b) Muda hewani ni 2.43 s.

Muda hasi msiufute tu kwa kalamu, una maana. Unasema kwamba kama jiwe lingetokea kwenye usawa wa maji na kupita O kwa velositi ileile tuliyopewa, lingekuwa limeondoka majini sekunde 1.006 kabla. Mlinganyo hauna habari kwamba palikuwa na mwamba na mtu. Wenyewe unaona parabola moja ndefu inayokata usawa wa maji mara mbili, na unakutajia sehemu zote mbili. Kuchagua ni kazi yako.

### Makosa matatu ya hatua hii

La kwanza ni kuweka y = +12.0. Kijana mmoja aliniletea daftari akiwa amekasirika.

"Shikamoo mwalimu. Kikokotoo kimegoma."

"Marahaba. Kimekuonesha nini?"

"`Math ERROR`."

"Hakijagoma. Umekiuliza jiwe linafika lini mita 12 juu ya mkono. Kilele chako ni mita ngapi?"

Akafungua ukurasa wa nyuma. "Mbili na nusu."

Alikaa kimya kidogo, halafu akachukua ufutio. Ukiweka +12.0, chini ya kipeuo inatokea 49 − 235.2, yaani −186.2, na namba hasi haina kipeuo halisi. Hiyo ndiyo namna ya mlinganyo kusema kwamba jiwe halifiki huko kamwe. Kosa hili ni la heri, kwa sababu linajitangaza lenyewe.

La pili halijitangazi. Ni kusema "jiwe linaanguka, basi chini ni chanya", ukaandika 12.0 = 7.00 t + 4.9 t². Umegeuza alama ya 12 na ya g, ukasahau kugeuza ya 7.00, ambayo kwa mpango huo mpya ingekuwa −7.00. Kikokotoo kitakupa t = 1.006 s, bila malalamiko yoyote. Ni jibu la jiwe lililorushwa 30° *chini* ya mlalo. Utalikamata kwa kulinganisha na kilele: jiwe limetumia 7.00/9.8 = 0.714 s kupanda tu, halafu linatakiwa kushuka mita 14.5, na kitu kinachoanguka kutoka mita 14.5 kinahitaji sekunde 1.72. Ukijumlisha unapata 2.43. Sekunde 1.006 hazitoshi.

Hesabu hiyo ya kugawa safari mara mbili, kupanda kisha kushuka, inakubalika kabisa kama njia ya kujibu. Mimi napendelea mlinganyo mmoja kwa sababu una nafasi chache za kukosea, lakini ile ya vipande viwili ni nzuri sana kwa kujihakiki.

Kosa la tatu ni lile la mita 17.3, nalo linastahili hatua yake.

## Hatua ya 6: Umbali wa mlalo, jibu la (c)

Upande wa mlalo hakuna mchapuko, kwa hiyo ni kasi mara muda na basi:

```
x = uₓ t = 12.12 × 2.4345 = 29.5 m
```

(c) Jiwe linaangukia 29.5 m kutoka kwa kijana, kwa kipimo cha mlalo.

Sasa ile kanuni ambayo wengi wameikariri:

```
R = u² sin 2θ / g
R = 14² × sin 60° / 9.8 = 17.3 m
```

Kanuni hii ni sahihi. Tatizo ni kwamba haijibu swali letu, na unaelewa kwa nini ukijua inavyopatikana. Wanaoitengeneza huanza na y = 0, yaani jiwe limerudi usawa uleule lilikotokea. Wanapata t = 2u_y/g, kwetu ni 1.43 s, halafu wanazidisha kwa uₓ. Sharti la y = 0 limezikwa ndani ya kanuni na halionekani kwa macho.

Rudi kwenye mchoro wako utazame pointi B, pale mkunjo unapokata mstari wa nukta. Iko mita 17.3 kutoka O, sekunde 1.43 tangu kurushwa. Hapo jiwe liko hewani bado, maji yako mita 12 chini yake, na lina safari nyingine ya mita 12.2 mbele kabla ya kulowa. Aliyeandika 17.3 amelisimamisha jiwe angani.

Kwa hiyo kabla ya kutumia R, uliza swali moja: je, linatua kwenye usawa uleule wa O? Mpira wa miguu uliopigwa kutoka ardhini na kutua ardhini, ndiyo. Jiwe kutoka mwambani, maji kutoka bomba lililoinuliwa, mpira wa kikapu unaoingia ringini, hapana. Kwa hayo yote unarudi kwenye mlinganyo wa y na kuweka nafasi halisi ya mwisho. Ringi iko juu ya mkono, basi y yake ni chanya, na huko muda zote mbili zinatoka chanya: wa kwanza jiwe au mpira ukipanda, wa pili ukishuka. Unachukua wa pili.

## Hatua ya 7: Velositi kwenye maji, jibu la (d)

```
vₓ = 12.12 m/s
v_y = 7.00 − 9.8 × 2.4345 = −16.86 m/s
```

Alama ya kutoa inasema linashuka. Iache ionekane.

```
v = √(12.12² + 16.86²) = 20.8 m/s
tan φ = 16.86 / 12.12, φ = 54.3°
```

(d) Kasi ni 20.8 m/s, kuelekea 54.3° chini ya mlalo.

Jibu la velositi bila mwelekeo ni nusu jibu, na "54.3°" peke yake bila kusema kutoka wapi nayo ni nusu. Andika "chini ya mlalo".

## Hatua ya 8: Hakiki kwa njia ambayo haitumii muda

Kama ulikosea muda, (c) na (d) zote zimeharibika pamoja, na kuzirudia kwa njia ileile hakutakuonesha kitu. Tumia nishati, ambayo haihitaji t kabisa. Nishati ya kimo kwa kushuka mita 12 inageuka mwendo, na tungamo la jiwe linajifuta pande zote mbili:

```
v² = u² + 2gh
v² = 14² + 2 × 9.8 × 12.0 = 431.2
v = 20.8 m/s
```

Imelingana. Hapa h ni kina cha kushuka, kwa hiyo ni 12.0 bila hasi. Ona pia kwamba pembe haimo: liwe limerushwa juu, mlalo au chini, kasi ya kugusa maji ni ileile. Kwa hiyo uhakiki huu utakamata kosa la namba, lakini hautakamata kosa la pili la hatua ya 5. Hilo linakamatwa na muda wa kupanda.

Ukiwa na mwamba salama karibu na mwenzako mwenye simu, unaweza kupima muda kwa saa ya simu. Abonyeze jiwe linapotoka mkononi na tena anapo*ona* maji yakiruka, asisubiri kusikia. Sauti ina mita 32 hivi za kusafiri kurudi kwake na itachelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usitegemee 2.43 kamili: vidole vyake navyo vinachelewa, na hakuna mkono unaorusha 14 m/s kwa 30° barabara. Hewa nayo inazuia. Jiwe la ukubwa wa yai kwa kasi hizi hupoteza mita moja hivi au zaidi ya umbali wake, ndiyo maana swali linakuambia usiihesabu. Na g ya hapa kwetu, karibu na ikweta, ni kama 9.78, lakini kwenye mtihani tumia ile uliyopewa kwenye karatasi.

## Jaribu hili bila kutazama juu

Mwamba uleule, mkono uleule, 14 m/s ileile, ila safari hii jiwe linarushwa 30° chini ya mlalo. Tafuta muda, umbali na velositi kwenye maji.

Badiliko ni moja tu: u_y = −7.00 m/s. Utapata t = 1.006 s na x = 12.2 m. Velositi kwenye maji itakuwa 20.8 m/s kuelekea 54.3° chini ya mlalo, sawasawa na ya kwanza. Chukua umbali wa jiwe la kwanza, 29.5, utoe 12.2, unabaki na 17.3 m. Chukua 2.4345 s utoe 1.006 s, unabaki na 1.43 s. Hizo ni x na t za pointi B. Jiwe la kwanza lilipofika B lilikuwa linashuka kwa 7.00 m/s na kwenda mbele kwa 12.12 m/s, mwendo uleule hasa ambao jiwe la pili linaanza nao pale O.